Sura ya 7: Mbona Hakuna Anayehubiri?

Swali ambalo wageni huliuliza mapema katika ibada ya kimya ya Wakweka ni hili: "Inaanza saa ngapi?" Huulizwa kwa kunong'ona, mgeni akimwinamia jirani yake, na mara nyingi ibada yenyewe ina dakika kumi tangu ianze. Hakuna kengele iliyopigwa, hakuna kwaya iliyoingia, hakuna mchungaji aliyepanda mimbarani. Ukitazama vizuri utaona hata mimbari haipo. Watu waliingia mmoja mmoja wakaketi, na yule aliyetangulia kuketi ndiye aliyeifungua ibada.

Swali la pili huja baadaye kidogo, nalo ni gumu zaidi. Kama hakuna mhubiri, nani anasema, na anajuaje kwamba sasa ni wakati wake? Maana watu husema. Mgeni aliyeambiwa "ni ibada ya kimya" hushtuka pale mama mmoja anaposimama katikati ya chumba, akazungumza dakika mbili na kuketi bila mtu kumwitikia hata kwa "amina". Mambo ya viti, mavazi na simu ni mepesi. Mtu huyajua kwa kuwatazama wenzake. Hilo la kusema halionekani kwa macho, na ndilo tutakalokaa nalo zaidi.

Marafiki wa Kaimosi na Marafiki wa Uingereza

Msomaji wa Kenya huenda tayari anapinga. Wakweka, ambao wenyewe hujiita Marafiki, anawafahamu tangu utotoni, na hajawahi kuwaona wakinyamaza kwa saa nzima. Yuko sahihi. Kenya ndiyo nchi yenye Wakweka wengi kuliko nyingine yoyote duniani, na ibada zao zina nyimbo, kwaya, sala, mahubiri na mchungaji. Anayetoka Vihiga au Kakamega akaenda kusoma au kufanya kazi Uingereza, kisha akalitafuta kanisa lake la nyumbani, hufika mlangoni akadhani amepotea njia.

Tofauti hiyo ina historia fupi. Wakweka walianza Uingereza katika karne ya 17, na ibada yao ilikuwa ya kungoja kwa kimya. Waliohamia Marekani waliendelea hivyo kwa muda mrefu. Kisha katika nusu ya pili ya karne ya 19, uamsho wa kidini ulipolikumba eneo la kati la Marekani, Marafiki wengi wa huko walianza kuimba, kuhubiri na kuajiri wachungaji. Wamisionari watatu waliofika Kaimosi mwaka 1902, Arthur Chilson, Edgar Hole na Willis Hotchkiss, walitoka upande huo wa uamsho. Ibada waliyoileta ndiyo iliyoenea Magharibi mwa Kenya, na Chilson huyo huyo aliipeleka Burundi katika miaka ya 1930.

Pwani kuna kisa kingine ambacho wengi hawakijui. Wakweka wa Uingereza walifika Pemba mwaka 1897, mwaka ule ule sheria ya kuufuta utumwa ilipotolewa Zanzibar na Pemba, wakaanzisha kituo Banani kwa ajili ya watu waliokuwa wakitoka utumwani. Kwa hiyo familia zote mbili za Marafiki zimekanyaga Afrika Mashariki.

Ili tusichanganyikiwe, sura hii itaita ile ya Kaimosi ibada yenye ratiba, na ile ya kimya ibada isiyo na ratiba. Hii ya pili ndiyo ya kawaida leo Uingereza, Ireland, Australia, na katika sehemu za Marekani kama Filadelfia. Tunayoyaeleza hapa ni ya Uingereza, ambako ilianzia.

Kuingia na kukaa

Jengo huitwa nyumba ya mikutano, na kundi la waabudu wa mahali huitwa mkutano. Usitafute mnara wala msalaba juu ya paa. Nyingi zinafanana na nyumba ya kawaida au ukumbi mdogo wa mtaa. Ya Brigflatts, kaskazini mwa Uingereza, ilijengwa mwaka 1675 na wakulima wafugaji. Ndani yake, chini ya ngazi, bado kipo kizizi cha mbao cha kuwafungia mbwa wa kuchunga kondoo, ili wenye mbwa waabudu kwa utulivu. Mtu aliyekitengeneza alijua kwamba kimya kinahitaji maandalizi.

Jumapili ibada nyingi huanza kati ya saa nne na nusu na saa tano asubuhi, na huchukua saa moja. Mlangoni kuna mtu wa kupokea wageni. Atakupa mkono, na akijua wewe ni mgeni atakupa karatasi ya maelezo. Ndani, viti hupangwa kwa duara au mraba, watu wakitazamana, na katikati kuna meza ndogo. Juu ya meza kwa kawaida kuna Biblia, kitabu cha imani na desturi za Wakweka wa Uingereza, pengine chombo cha maua, na kijitabu chembamba chekundu chenye mashauri na maswali 42. Vyote hivi unaruhusiwa kuvichukua na kuvisoma wakati wa ibada. Hutaonekana mkosefu wa adabu.

Mpangilio wa duara umechukua nafasi ya ule wa zamani. Katika nyumba kongwe utaona bado mabenchi yaliyoinuliwa upande mmoja yakitazama mengine. Hapo walikaa wazee, pamoja na watu waliotambuliwa rasmi kuwa na karama ya kusema ibadani. Waliotambuliwa waliitwa wahudumu, ingawa hawakulipwa wala kuvaa joho. Uingereza iliacha utaratibu wa kuwatambua mwaka 1924, kwa hoja kwamba orodha ya wenye karama huwafanya wengine wajione hawana la kusema. Mabenchi yakabaki, lakini siku hizi yeyote anaweza kukaa juu yake.

Namna ya kuketi haina fundisho maalumu. Wengi huweka nyayo zote mbili sakafuni, mgongo ukiegemea kiti bila kulegea, mikono mapajani. Wengine hufumba macho, wengine huyaacha wazi yakatua kwenye maua au dirishani. Hakuna kupiga magoti kwa pamoja, hakuna kusimama kwa pamoja. Kukohoa si kosa, na kubadilisha mkao si kosa. Mgeni anayejikaza asimeze hata mate humaliza saa nzima akiushughulikia mwili wake mwenyewe, na hilo ni hasara.

Watoto huwa chumbani sehemu tu ya ibada, labda robo saa ya mwanzo au dakika kumi za mwisho, na muda uliobaki huwa na walezi wao chumba kingine. Wakijikunakuna au wakinong'ona, hakuna anayewakodolea macho.

Kwa ufupi, mgeni akumbuke haya:

- Fika dakika tano kabla, na uache viti vya karibu na mlango kwa watakaochelewa.
- Ukichelewa wewe, ngoja nje kidogo ikiwa mtu anasema, ingia akishaketi.
- Zima simu kabisa. Mtetemo wa simu juu ya kiti cha mbao husikika chumba kizima.
- Vaa upendavyo. Suti ipo, na sweta la bustanini lipo.
- Kapu la sadaka halipitishwi. Kama kuna sanduku, liko pembeni karibu na mlango.

Kimya hiki ni cha nini?

Mkweka wa kwanza kujulikana, George Fox, alizaliwa mwaka 1624 katika kijiji cha Fenny Drayton, mwana wa mfumaji. Kijana huyu aliwazunguka makasisi akitafuta msaada wa roho yake na hakuupata kwao. Alichofikia mwishoni kilikuwa rahisi kukieleza na kigumu kukubalika enzi zile: kwamba Kristo anaweza kumfundisha mtu mwenyewe, ndani ya moyo, bila kasisi kukaa katikati. Marafiki huita mwongozo huo Nuru ya ndani, na husema uko ndani ya kila mtu, awe msomi au mchunga kondoo. Mkisadiki hivyo, mkutano wa ibada hubadilika. Hakuna sababu ya mmoja kusema na wengine wote kusikiliza. Mnaketi pamoja na kungoja mfundishwe.

Fox hakuwa mtu wa maneno machache. Mwezi Juni 1652, juu ya kilima cha Firbank, alihubiri kwa muda wa saa tatu hivi mbele ya umati unaokadiriwa kuwa watu elfu moja. Wengi wao walikuwa wa makundi yaliyoitwa Watafutaji, watu walioyaacha makanisa yao na tayari walikuwa na mazoea ya kukutana na kungoja kimya. Kwa hiyo kimya na maneno vilikuwa pamoja tangu siku za mwanzo. Anayedhani Wakweka wana chuki na kusema amewaelewa vibaya. Wanachokitilia shaka ni maneno yaliyopangwa kutoka kabla hayajahitajika.

Halafu serikali ikaingilia. Sheria ya mwaka 1664 ilikataza watu watano au zaidi wasio wa nyumba moja kukusanyika kwa ibada iliyo nje ya Kanisa la Uingereza. Madhehebu mengine yaliyopigwa marufuku yalikutana kwa siri. Wakweka walikataa kujificha, wakakutana mchana, milango wazi. Askari waliokuja kuvunja ibada walikuta kioja: hakuna mhubiri wa kumkamata, kwa sababu hakuna aliyekuwa akihubiri. Waliwabeba watu wazima jela kwa makundi. Mjini Bristol mwaka 1682, wazazi walipokuwa wamefungwa, watoto waliendelea kukutana wenyewe na kuketi kimya, ingawa walichapwa kwa kufanya hivyo. Ibada inayohitaji mchungaji, kitabu au madhabahu ingekufa siku ile. Hii haikuhitaji hata mtu mzima.

Kwa mgeni wa leo, jambo la kushika ni kwamba kimya hiki si cha mtu mmoja mmoja. Watu arobaini wanaotafakari kila mmoja peke yake, ila ndani ya chumba kimoja, bado hawajafanya ibada ya Kikweka. Anayetoka kwetu anaweza kukumbuka kukaa msibani: watu huingia, huketi mkekani, hawasemi, na hakuna anayeuliza kazi ya kunyamaza kwao, kwa sababu kila mmoja anajua kwamba kukaa pamoja ndiyo shughuli yenyewe. Kimya cha Marafiki kina sura hiyo, ingawa hakuna maiti.

Ndani yake hutokea mambo ya kawaida sana. Dakika kumi au kumi na tano za kwanza akili huzurura: kodi ya nyumba, ujumbe ambao hujajibu, chakula cha mchana. Wazoefu hawapigani na mawazo hayo. Huyaona, huyaacha yapite, hurudi kwenye neno moja au pumzi au jina la Mungu. Wengine humkumbuka mgonjwa au aliyefiwa na kumshika moyoni kwa muda; wao husema wanamshika mtu katika Nuru. Kisha, si kila Jumapili, chumba hubadilika. Vikohozi hukoma, watu huacha kujigeuzageuza, na hata mgeni huhisi kwamba jambo limetulia. Marafiki huita huo mkutano uliokusanyika. Hauwezi kulazimishwa, na kuna wiki nyingi ambazo hauji.

Nani anasema, na lini

Sasa turudi kwa yule mama aliyesimama. Alichokifanya Marafiki hukiita huduma: maneno machache yanayosemwa ibadani na mtu anayeamini amesukumwa kuyasema. Hakuna zamu, hakuna orodha, hakuna anayemwita. Mwanamke au mwanamume, mwenyeji au mgeni, kijana au mzee, mlango uko wazi kwa wote. Kwa wanawake mlango huo ulifunguliwa mapema kuliko karibu kila mahali pengine katika Ukristo wa Ulaya. Margaret Fell, mwenye nyumba ya Swarthmoor iliyokuwa kitovu cha Wakweka wa mwanzo, alichapisha mwaka 1666 kijitabu cha kutetea haki ya wanawake kusema ibadani, naye wakati huo alikuwa mfungwa.

Mlango kuwa wazi si kusema kila wazo lipite. Kazi kubwa ya anayetaka kusema hufanyika akiwa bado ameketi. Desturi ni kulipima wazo kwa maswali kadhaa, na ingawa kila mkutano una namna yake ya kuyataja, kiini chake ni hiki:

1. Je, hili limetoka kwenye ile Nuru, au ni hamu yangu tu ya kusikika?
2. Je, ni kwa ajili yangu, au ni kwa ajili ya wote waliomo humu?
3. Je, ni la sasa, au lingoje?

Mawazo mengi huanguka kwenye swali la pili. Mtu hupata ufahamu mzuri kuhusu maisha yake, akautafuna, akaona kwamba ni chakula chake mwenyewe, akatoka nao mfukoni. Hilo halihesabiwi kuwa limepotea.

Na wazo likipita maswali yote? Marafiki wengi huelezea dalili za mwili: moyo kudunda, viganja kulowa, magoti kutetemeka, na wazo lenyewe kukataa kuondoka kila linapofukuzwa. Lakini dalili hizo si ushahidi wa kutosha, maana hofu na hasira huleta zile zile. Ndiyo sababu maswali hutangulia.

Anayesema husimama kama anaweza, ili asikike. Hasemi "habari za asubuhi" wala hajitambulishi. Husema kwa dakika moja, mbili, pengine nne, kisha huketi. Anaweza kusoma mstari wa Biblia, kuomba, hata kuimba. Akishaketi, kimya hurudi, na hapa kuna adabu ambayo mgeni huivunja bila kujua: lazima maneno yapewe muda wa kutua. Dakika kadhaa hupita kabla ya mwingine kusimama. Hakuna kujibizana, hakuna "naongezea kidogo alichosema mwenzangu", hakuna kusahihisha. Na aliyekwisha kusema mara moja hasemi tena siku hiyo.

Kuna shauri moja la Marafiki ambalo huonekana la ajabu mwanzoni. Usije ibadani ukiwa umeamua kusema, na usije ukiwa umeamua kunyamaza. Anayekuja na hotuba tayari ameshafunga sikio, na anayekuja amejifunga mdomo ni vivyo hivyo.

Tuchukue saa moja ya mfano, iliyoundwa kutokana na mambo ya kawaida, tuone haya yakifanya kazi. Mgeni wetu ni muuguzi kutoka Vihiga aliyehamia mji mmoja wa Uingereza. Ameingia saa nne na dakika ishirini na tano, ameketi upande wa dirisha. Saa nne na dakika arobaini na tano watoto wanatoka, kiatu cha mmoja kikilia kwenye mbao. Dakika saba baadaye mzee mmoja anasimama. Anasema aligombana na jirani yake miaka mitatu juu ya ua uliowatenganisha. Jirani amefariki wiki hii, na yeye amegundua kwamba hajui hata majina ya watoto wa marehemu. Anaketi.

Moyo wa muuguzi unaruka. Anao mstari wa Biblia kuhusu msamaha, anaujua kwa kichwa, na nyumbani angekuwa ameshausema. Anajiuliza swali la pili, na jibu linamjia upesi: mstari huu ni wa yule mzee, nao ni jibu. Anataka kumfariji, labda kumwonya kidogo. Nia si mbaya, lakini hiyo ni kazi ya mazungumzo ya kwenye chai. Anabaki ameketi. Kimya kinaendelea kwa muda unaozidi robo saa.

Saa tano na dakika kumi mwanamke mwingine anasimama. Hautaji ule ua, wala jirani. Anasema kwamba alipokuwa akifanya kazi hospitalini alizoea kuyasoma majina ya wagonjwa mwanzoni mwa zamu ya usiku, polepole, na siku alizoharakisha usomaji huo usiku mzima ulikuwa tofauti. Anaketi. Hakumjibu mzee, lakini aliyesikiliza anaona uzi mmoja umepita kwa wote wawili, na muuguzi, ambaye naye anazijua zamu za usiku, hana haja tena ya kuusema mstari wake.

Saa tano na nusu wazee wawili wanapeana mikono. Ishara hiyo inazunguka chumba, kila mtu akimpa mkono jirani yake, na ibada imekwisha. Wazee hapa ni cheo, si umri: ni watu waliochaguliwa kwa muda maalumu kuilinda ibada, na mmoja wao anaweza kuwa na miaka thelathini. Mikutano mingi huacha nafasi kidogo baada ya hapo kwa yeyote aliyekaribia kusema asiseme. Muuguzi akitaka, mstari wake unaweza kusikika wakati huo, au bora zaidi, dakika tano baadaye, akiwa na kikombe mkononi kando ya yule mzee.

Kwa ufupi: mgeni anaruhusiwa kusema, lakini wengi hushauriwa kusikiliza tu mara chache za kwanza, mpaka sikio lizoee mwendo wa mahali pale.

Inapoharibika

Si kila kimya ni kizuri, na Marafiki wenyewe ndio wa kwanza kukiri. Kosa lao linalojulikana zaidi wamelipa jina la bisi. Mmoja anasema, wa pili anasimama kabla kiti cha wa kwanza hakijapoa, wa tatu anamjibu wa pili, na ibada inageuka kikao cha maoni. Mara nyingi chanzo ni habari kubwa ya wiki: uchaguzi, vita, mauaji. Watu wana uchungu na wanahitaji pa kuumwaga. Mzee wa mkutano anaweza kusimama na kuomba, kwa upole, kwamba turudi kwenye kimya kwa muda.

Kosa la pili ni msemaji asiyekoma. Kila mkutano wa miaka mingi umewahi kuwa naye. Kwanza watu huvumilia. Akizidi, mzee huinuka na kumshukuru, akimwambia kwamba aliyoyasema yanatosha kutafakariwa, na baada ya ibada humkalisha wazungumze. Hili ni jukumu la wazee peke yao. Mgeni asijaribu kumnyamazisha mtu, hata kwa kuguna.

Kosa la tatu linachekesha. Uingereza wanaliita huduma ya dafodili, kwa jina la ua la njano linalochanua mwanzoni mwa majira ya kuchipua: mtu anasimama kueleza jinsi alivyoona ua njiani na likamfurahisha, basi. Si dhambi, ila halikuhitaji kukatiza kimya cha watu arobaini. Lakini haki itendeke. Mara nyingine ua hilo ndilo kitu pekee ambacho mtu mwenye huzuni chumbani aliweza kukipokea, na msemaji hatalijua kamwe.

Na kuna ibada iliyokufa tu. Hakuna aliyesema kwa wiki kadhaa, nusu ya watu wanasinzia, mmoja anakoroma. Kimya kisicho na maneno kinaweza kuwa kimejaa au kikawa kitupu, na kutoka nje vinafanana. Mzoefu huvitofautisha kwa masikio: katika kimya kitupu utasikia saa za mikononi zikitazamwa, mikono ya makoti ikivutwa, viti vikilalamika kuanzia dakika ya arobaini. Kipimo hicho hicho hufaa baada ya mtu kusema. Maneno yaliyofika mahali pake hukiacha chumba kimya zaidi kuliko kilivyokuwa. Yasiyofika huleta kikohozi.

Kimya kikihamia kwenye vikao na harusi

Anayerudi mara ya tatu au ya nne ataanza kuona kwamba Jumapili ni sehemu tu. Vikao vya kuamua mambo ya mkutano, kama ukarabati wa paa au matumizi ya fedha, huanza na kuisha kwa kimya, wala hakuna kura. Karani husikiliza wasemaji, huandika uamuzi hapo hapo, huusoma kwa sauti, na kama wapo wasioridhika huandika tena. Paa likivuja, utaratibu huu hukera. Marafiki wengi watakuambia hivyo bila kuficha.

Harusi ndiyo mahali ambapo wageni wengi hukutana na kimya hiki kwa mara ya kwanza, wakiwa wamevaa vizuri na hawajaambiwa lolote. Hakuna mfungishaji ndoa. Bwana na bibi huketi mbele ya watu wote, kimya kikishuka husimama, hushikana mikono, na kila mmoja hutamka ahadi yake kwa mwenzake. Sheria ya ndoa ya Uingereza ya mwaka 1753, iliyowalazimisha karibu watu wote kuoana kanisani mbele ya kasisi, iliwaachia Wakweka na Wayahudi taratibu zao, na Marafiki wameendelea na wa kwao hadi leo. Baada ya ahadi, ibada inaendelea kama Jumapili: shangazi anaweza kusimama akasema, rafiki wa shule akasema, na kati yao dakika za kutua.

Mwishoni huletwa hati kubwa yenye maneno ya ahadi, na wote waliokuwapo hutia sahihi kama mashahidi. Foleni huwa ndefu. Watoto wanaojua kuandika majina yao huandika kwa herufi kubwa zilizopinda, na jirani aliyekuja kwa ajili ya keki tu naye hupewa kalamu.